Jeli ya Kitunguu na Bega la Mama Lisette

Gaspard alikuwa mwanamume pekee katika Bujumbura nzima aliyefunga kifungo cha juu cha shati mwezi wa tisa, saa saba mchana, bila tai, bila harusi na bila msiba. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi, naye kimya. Ukimwuliza, angekuambia kwamba mfanyabiashara lazima apendeze. Wateja wake waliamini. Sisi binadamu ndivyo tulivyo: mtu akiteseka vya kutosha tunadhani ana heshima.

Duka lake lilikuwa ndani ya galeri moja ya maduka, mtaa wa Rohero, mlango wa tano kushoto, kati ya muuza makava ya simu na muuza wigi. Aliuza losheni, sabuni na mafuta ya nywele, lakini kilichompa jina kilikuwa jeli ya makovu, tyubu ya kijani iliyochorwa kitunguu kimoja kinene. Kila mteja aliyepita akitafuta kava la simu alisikia wimbo ule ule.

"Kovu ya mafuta, kovu ya operesheni, kovu ya pikipiki! Wiki sita tu, maman! Hata kioo yako haitakujua!"

Sasa ngoja nikuambie kilichokuwa chini ya kile kifungo. Katikati ya kifua, chini kidogo ya koo, Gaspard alikuwa na keloidi. Ilianza na chunusi moja alipokuwa na miaka kumi na tisa, kwao Uvira. Akaitumbua. Kidonda kikapona, lakini kovu halikujua kusimama: lilivuka mpaka wa kidonda, likaota mkono wa kulia, likaota mkono wa kushoto, likawa gumu, la kung'aa, lenye kuwasha. Muuguzi mmoja alimkatia. Kwa miezi mitatu Gaspard alitembea kifua wazi kama bondia aliyeshinda, na mwezi wa nne keloidi ikarudi, safari hii kubwa kuliko ile aliyoiaga. Baadaye, alipoanza kuuza jeli, aliipaka mwenyewe miezi minane, asubuhi na jioni. Alichopata ni keloidi yenye ngozi laini kidogo, inayonukia vizuri, iliyokaa pale pale.

Mganga hajigangi, wanasema. Huyu alijiganga, akashindwa, akaendelea kuwauzia wenzake. Moyoni alijitetea kwamba kuna ngozi na ngozi, na kwamba wateja wengine walirudi wakishukuru. Kweli walirudi. Wengi walikuwa na makovu mapya, membamba, ambayo yangefifia yenyewe hata wangeyapaka mate. Gaspard hakuwauliza mengi. Alijikuna kifua kwa kifuniko cha kalamu, juu ya shati, akauza tyubu nyingine.

Ndipo akampenda Lisette.

Lisette alikuwa fundi wa kushona, mwenye macho makali na maneno machache, na alimpenda Gaspard pia ingawa hakuelewa ile habari ya kifungo. Walikuwa wamekutana kwenye kwaya, kila kitu kilikwenda kwa adabu, na baada ya mwaka mmoja Gaspard aliitwa nyumbani kwao Mutanga Nord kuonana na mama. Baba alikuwa amefariki. Uamuzi ulikuwa wa mama, na mama yule, kwa jina Ernestine, lakini kwa kila mtu mtaani Mama Lisette, alikuwa kiongozi wa kwaya ya wamama. Alizoea kunyanyua kidole na watu arobaini wakanyamaza.

Alimpa fanta, akamtazama kifungo, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nauzisha dawa ya makovu, mama."

"Inatoa makovu?"

Kinywa cha Gaspard kilijibu kabla ya akili yake kufika. "Yote, mama. Wiki sita, kumi na mbili kama ni ya zamani."

Mama Lisette akashusha kitenge begani. Pale juu ya bega la kulia palikuwa na keloidi ya miaka minne, iliyoachwa na mafuta ya kukaangia maandazi: tatu zimelala pamoja kama samaki wadogo wa ndagala kwenye sahani, nyekundu pembeni, nyeusi katikati. Gaspard aliitazama, na kifua chake mwenyewe kikaanza kumwasha.

"Unaona hii?" mama akasema. "Usiku inanikula. Na miaka mine sivai imvutano. Ile nguo ya kufunga ku bega moja, wenzangu wote wanaivaa ku sherehe, mi navaa shati ya mikono kama polisi. Lisette alitaka kunishonea ya kufunika. Nikamwambia apana, sifuniki. Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi ya kwanza, kaka yangu Valéry atatoka Uvira. Ile siku niko na hamu ya kuvaa imvutano. Kama dawa yako inatoa, ulete wazee wako waje kumuposa mutoto wangu. Kama haitoi, usilete mutu. Mutu mwenye anadanganya ku kazi yake, atadanganya na mu nyumba."

Lisette alimtazama Gaspard. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli, na fanta ilikuwa bado baridi.

"Itatoka, mama," Gaspard akasema.

Aliacha tyubu nne. Aliporudi nyumbani alivua shati, akasimama mbele ya kioo, akaambiana na keloidi yake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wiki tatu za kwanza zilipita kwa amani, maana Mama Lisette alikuwa mtiifu. Wiki ya nne alivaa miwani akasoma boksi. Boksi liliandikwa kwa Kifaransa kwamba ndani mna dondoo la kitunguu, maji yake yaliyokamuliwa na kuchujwa. Mama Lisette akaweka boksi mezani, akalitazama kwa hasira ya mtu aliyepunjwa. Kitunguu? Chenyewe? Kama dondoo tu linafanya kazi pole pole, je, kitunguu kizima? Sokoni vimejaa, vikubwa, vyekundu, na yeye si mama wa jana. Akasaga vitatu, akavibandika begani, akafunga na kitambaa, akaenda kuongoza mazoezi ya kwaya.

Sauti za kwanza zilianza kulia kwenye ubeti wa kwanza. Za pili zikafuata. Padri aliyekuwa akipita nje alifurahi sana, akidhani ni Roho, mpaka alipofika mlangoni naye machozi yakamtoka.

Siku ya pili usiku Lisette akampigia Gaspard. "Bega ya mama imekuwa nyekundu yote. Imevimba, iko na malengelenge madogo. We ulimwambia aweke kitunguu?"

"Mi? Apana! Mungu wangu, apana!"

"Lakini ku boksi kuko kitunguu."

Na ni kweli, kwenye boksi palikuwa na kitunguu, tena kinene. Hakulala. Kwa mara ya kwanza hakuwaza harusi. Aliwaza lile bega. Ngozi ya mtu mwenye keloidi haichezewi. Kidonda kipya juu ya ngozi ile kinaweza kuzaa keloidi mpya, na yeye ndiye aliyempa mwanamke yule sababu ya kukitafuta. Aliona aibu.

Asubuhi alikwenda kwa Dalia. Dalia alikuwa mfamasia, binti wa familia ya wafanyabiashara wa asili ya Omani walioishi Bujumbura tangu enzi za babu zao, na famasi yake ilikuwa mitaa miwili kutoka galeri. Kwa miaka miwili Gaspard alikuwa akipita pale haraka haraka, maana Dalia hakupenda wimbo wake wa wiki sita.

"Karibu, kaka Gaspard," Dalia akasema. "Leo umekuja kununua au kutubu?"

"Vyote viwili, dada."

Akamweleza yote ya bega. Dalia alisikiliza, akiwa amekunja mikono juu ya kaunta, na hadithi ilipofika kwenye vitunguu vitatu akafumba macho.

"Subhanallah. Kwanza, aache kila kitu. Aoshe kwa maji na sabuni isiyo kali, asisugue, asipake jeli, asipake chochote chenye harufu. Kama ngozi imepasuka, amwone daktari. Kitunguu kibichi kinachoma ngozi. Kile cha kwenye tyubu ni dondoo, kimepimwa, hakichomi hivyo."

"Kwa hiyo jeli ni nzuri?"

"Jeli haina ubaya. Kovu jipya, lililofunga vizuri, ukilipaka na kulikanda kila siku kwa miezi miwili, mitatu, linaweza kulainika kidogo, rangi ikapoa kidogo. Watu wengine wamepima, wakaona haipiti sana vazelini. Kukanda kwenyewe kunasaidia. Lakini keloidi ya miaka minne?" Alitikisa kichwa. "Wallahi, hata ungempakia shamba zima la vitunguu."

"Na nini inaitoa?"

"Kuitoa kabisa, ionekane haikuwahi kuwepo? Hakuna krimu inayofanya hivyo. Sikiliza, hakuna. Na wale wanaouza krimu kali za kuchubua ndio usiwasikilize kabisa, zile zinakula ngozi pembeni na kovu linabaki." Akafungua droo, akatoa pakiti bapa. "Hii ni karatasi ya silikoni. Hii angalau ina kazi inayojulikana."

Ilikuwa kipande laini, kinachopitisha mwanga, chenye kunata upande mmoja, kama ngozi ya mjusi aliyeoga. Dalia akamfundisha taratibu. Ngozi ipone kwanza, isiwe na kidonda. Bega lioshwe, likauke kabisa. Karatasi ikatwe ipite kovu kidogo tu kila upande. Siku za kwanza saa chache, ngozi izoee, halafu saa kumi na mbili kwa siku au zaidi, usiku na mchana ukiweza, kwa miezi, si kwa wiki. Kila siku itolewe, ioshwe, ikauke yenyewe, irudishwe, mpaka itakapoacha kunata. Ukiona vipele vya jasho, maana joto la hapa si mchezo, pumzika siku moja mbili.

"Itamfanyia nini?"

"Kuwasha kunaweza kupungua. Inaweza kulainika, ikashuka kidogo, wekundu ukapoa. Kidogo, kaka, usiende kupiga wimbo. Akitaka ishuke zaidi, kuna daktari wa ngozi, anachoma sindano ndani ya keloidi yenyewe, kila mwezi, mara kadhaa. Inauma, ngozi inaweza kupauka hapo, na siku nyingine inarudi. Lakini kukata peke yake, bila kufuatisha sindano au kitu kingine, usithubutu. Ukikata tu, inarudi na hasira."

"Najua," Gaspard akasema.

Dalia akatazama kifuniko cha kalamu ambacho mkono wa Gaspard ulikuwa ukikisugua kifuani bila yeye kujua. Akatazama kifungo cha juu. Kisha akatoa pakiti ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza.

Gaspard alichukua moja tu. Aibu nayo ina kiburi chake.

Bega la mama lilipona baada ya siku kumi, kwa neema ya Mungu, bila kuacha alama mpya. Gaspard akaenda na pakiti, akaeleza kila neno la Dalia isipokuwa moja: lile la kwamba haitoki. Alisema, "Hii ni nguvu zaidi, mama," akaiacha sentensi ikaning'inia hapo.

Mama Lisette akaibandika, akalala nayo. Wiki ya kwanza akampigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Gaspard! Nimelala! Haikuniwasha usiku muzima!" Alikuwa karibu kulia. Miaka minne, anamwambia, miaka minne ananyanyuka usiku kujikuna ku ukuta. Gaspard alifurahi sana, akakaa kitandani na kujikuna.

Sasa, tatizo la furaha ya Mama Lisette ni kwamba haikujua kukaa peke yake. Alikuwa mtu wa kugawa. Akipika isombe, yaani kisamvu, anapika ya mtaa, akipata dawa ya kikohozi anapima kijiko kwa kijiko kwa jirani. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja Gaspard alifika bila kuarifu, na sebuleni akakuta wamama watano wa kwaya wameketi mduara, nguo zimelegezwa huku na kule. Akageuka haraka kutazama ukuta. Ukutani pale pale palikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mwandiko wa Mama Lisette, majina na masaa. Ilikuwa zamu.

"Usiogope, njo," Mama Lisette akasema. "Wamejifunika sasa. Tunagawana ile dawa. Mi saa mbili mpaka saa ine, Marguerite saa ine mpaka saa sita, hivyo hivyo. Nimeikata vipande, lakini kimoja kiliangukia mu supu. Leo sababu tuko wote, tumebandika vyote pamoja."

Marguerite alikuwa amebandika chake kwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Mwingine kwenye alama ya chanjo ya mwaka aliozaliwa. Mwingine, mkongwe mwenye meno matatu, alikuwa amekibandika kwenye mikunjo ya paji la uso, akatabasamu kwa tahadhari kisitoke. Na Mama Epiphanie, sauti ya kwanza mwenye mwili wa kutosha, alikuwa nacho gotini.

"Mama, ku goti kuko kovu?" Gaspard akauliza.

"Kovu apana. Rhumatisme."

Gaspard alishika kichwa. Akaketi, akawaeleza, kwa sauti aliyoikopa kwa Dalia, kwamba karatasi hii haiponyi maumivu ya goti wala haimrudishi mtu ujana, kwamba ni ya mtu mmoja na ngozi moja kwa sababu ya usafi, na kwamba nguvu yake ni masaa. Saa mbili mbili hazimsaidii mtu. Ukigawa saa kumi na mbili kwa watu sita, watu sita mnapata patupu.

Mama Lisette aliumia. "Lakini Mungu alisema tugawane."

"Alisema mukate, mama. Hakusema pansement ya ku kidonda."

Wamama wakacheka, hata yule mkongwe, na kipande cha paji la uso kikaanguka. Lakini Mama Lisette hakucheka sana. Alihesabu kwa vidole: wiki tatu za zamu zilikuwa zimepotea, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa imebaki wiki mbili na siku moja. "Bon," akasema. "Kila mutu na yake." Kesho yake akaenda mwenyewe kwa Dalia kununua pakiti mpya, akaibandika, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku ilifika. Usiniambie hujawahi kuona siku ambayo uliiombea isifike ikafika mapema.

Gaspard aliambiwa aje kwanza peke yake saa nne asubuhi, wazee wake wasubiri kwenye gari barabarani. Mfukoni alikuwa na silaha: kikopo cha fondotini, krimu ya kujipodoa uso, rangi ile ile ya ngozi ya Mama Lisette, aliyoichagua dukani kwa dakika arobaini. Angeomba kumtazama bega, angempaka kidogo "krimu ya mwisho", na ndani ya sebule yenye mapazia kovu lingefifia. Lingefifia mpaka jioni. Jioni wazee watakuwa wamekubaliana, watu watakuwa wamekunywa, na kesho ni siku nyingine. Ulikuwa mpango mzuri sana kwa mtu anayetaka kuoa siku moja tu.

Sebuleni mjomba Valéry alikuwa kwenye kiti kikubwa, fimbo mkononi. Wamama wa kwaya walijaa pembeni. Lisette alisimama mlangoni pa jikoni. Na Mama Lisette alikuwa katikati, amevaa imvutano ya rangi ya dhahabu, bega la kushoto limefungwa fundo, bega la kulia limefunikwa na kitenge kidogo alichokishika kwa mkono.

"Mi sijaitazama ku kioo wiki mbili," akasema. "Nilitaka leo iwe surprise. Gaspard, we ndiye mwenye dawa. Angalia, halafu useme mbele ya kaka yangu. Imetoka?"

Akaachia kitenge.

Ndagala watatu walikuwa bado wamelala pale. Walikuwa wamepoa. Wekundu wa pembeni ulikuwa umepungua, na ukitazama kwa upande ungesema wamenywea kidogo. Ilikuwa kazi halisi, na haikuwa ile aliyoahidi. Gaspard akaingiza mkono mfukoni, akagusa kikopo. Akanyanyua macho, akaona uso wa Mama Lisette. Alikuwa ameyafumba macho kama mtoto anayesubiri zawadi.

Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

"Haijatoka, mama."

Mama Lisette akafumbua macho.

"Haijatoka, na haitatoka. Italala usingizi, haitakuwasha, itashuka kidogo. Jeli yangu haitoi keloidi. Haikuwahi kutoa. Nilijua toka ile siku ya fanta."

"Ulijua namna gani?" Mama Lisette akauliza pole pole.

Hapa nieleze jambo, ingawa kila mtu sebuleni alilijua. Mkwe na mama mkwe wana mpaka. Hawali sahani moja, hawapeani mkono ovyo, na mkwe hafunui mwili wake mbele ya mama mkwe. Ukifanya hivyo siku ya posa, rudi na kreti zako za vinywaji. Gaspard alilijua hilo kuliko wote. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Mkono wake ukapanda kwenye kifungo cha juu, ukakifungua, ukafungua cha pili, cha tatu, na shati likafunguka.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Mama Epiphanie akapiga kelele, akafunika macho kwa vidole vilivyoachana sana.

"Nilikatwa, ikarudi," Gaspard akasema. "Nilipaka jeli yangu miezi munane. Angalieni. Mi ndiye tangazo la dawa yangu, ndiyo maana nafunga shati. Nilikudanganya, mama, na ukajichoma na vitunguu juu ya uongo wangu, na sikulala. Namupenda Lisette. Lakini haitoki."

Mjomba Valéry aligonga fimbo sakafuni. "Huyu anavua nguo mbele ya mama mukwe! Mu nyumba ya dada yangu! Toka!"

Lisette ndiye aliyesogea kwanza. Alikuja mpaka karibu, akatazama kile kifua ambacho hakuwahi kukiona, na mabega yake yakaanza kutikisika. Gaspard alidhani analia.

"Ni hii tu?" Lisette akasema, akicheka na machozi. "Mwaka muzima! Mi nilifikiri uko na tatuaje ya jina la mwanamuke mwingine!"

Kwaya nzima ikaangua kicheko, sauti ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama Lisette peke yake hakucheka. Alinyanyua kidole. Wote wakanyamaza, na Valéry naye.

Alimsogelea Gaspard, akainama, akaitazama ile keloidi kwa karibu sana, kama mtu anayekagua samaki kabla ya kununua.

"Usiku inakukula?"

"Sana, mama."

"Unajikunia ku nini?"

"Kifuniko cha Bic."

"Mi ku ukuta." Akavuta pumzi. Alikuwa na hasira, na hasira ile haikujificha. "We ni mujinga. Ungeniambia siku ya kwanza, tungekuwa tumeteseka wawili na tukabaki na vitunguu vya kupika. Kwaya yangu ililia wimbo muzima, unasikia? Wimbo muzima! Na ile jeli, kuanzia Jumatatu utawaambia watu yenye inafanya na yenye haifanyi. Nitatuma Epiphanie aje kusikiliza."

"Ndiyo, mama."

"Na Jumanne mi naenda kwa daktari wa sindano. Dalia ameniambia yote, siku nilienda kununua pakiti. Na mi naye nilijifanya sijasikia, sababu nilitaka kuamini. Utaenda na we. Utapanga mustari yako mbali na yangu."

"Ernestine!" mjomba Valéry akasema. "Na adabu? Mukwe amevua shati mbele yako!"

Mama Lisette akageuka. Bega lake la kulia lilikuwa wazi, ndagala watatu hadharani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, na hakulifunika.

"Mukwe gani, kaka? Wazee wake wako bado barabarani mu gari. Huyu bado ni muuzaji wa sabuni tu, na muuzaji wa sabuni akiniletea kifua chake nione ugonjwa, hajavunja kitu." Akamrudia Gaspard. "Lakini kufunga, funga sasa hivi. Ukimaliza kufunga utakuwa mukwe, na kutoka hapo sitaki kukiona tena. Lisette, enda uite wale wazee, watapikika mu ile gari."

Gaspard akatii. Akafunga cha tatu, akafunga cha pili. Akafika cha juu, akakishika, kama alivyokishika kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano.

"Hicho uache," mama mkwe wake akasema, akitazama pembeni kwa adabu. "Kuko joto."